Kuligeuza tangazo la mikopo ya halmashauri liwe posti ambayo vijana watamaliza kuisoma

Wanaosimamia makundi ya WhatsApp ya kata na kurasa za vijana wana maswali yale yale kila mara. Nikiondoa vifungu vya sheria, si nitakuwa nimepotosha? Niandike kimtaani au Kiswahili sanifu? Mbona nimefupisha na bado watu wananiuliza inboksi mambo yaliyoandikwa mle mle?

Mwongozo huu unajibu kwa kutumia tangazo la aina moja: mikopo isiyo na riba ambayo halmashauri za Tanzania hutoa kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato yao ya ndani. Mgawanyo wake wengi mnaujua: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Tumelichagua kwa sababu linawahusu vijana moja kwa moja, na wengi huishia mstari wa pili.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Tangazo lenyewe, kamili, lenye tarehe na muhuri au saini. Ujumbe uliosambazwa mara kumi hautoshi.
- Namba ya simu ya ofisi iliyotoa tangazo, au nafasi ya kufika kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.
- Karatasi na kalamu. Hatua ya pili ni rahisi zaidi ukiifanya kwa mkono.
- Kalenda.
- Vijana wawili ambao hawajaliona tangazo hilo. Usiwaoneshe mapema, utawahitaji mwishoni.
- Saa moja na nusu hivi. Sehemu kubwa ya muda huo itaenda kwenye kuuliza, kuandika kwenyewe ni dakika ishirini.

Tangazo tutakalolifanyia kazi

Hili limetungwa kwa ajili ya somo, kwa mtindo ambao ubao wowote wa matangazo unao. Masharti ya halmashauri yako yanaweza kuwa mengine, kwa hiyo usiyanakili.

> YAH: UWASILISHAJI WA MAOMBI YA MIKOPO KWA VIKUNDI VYA VIJANA
>
> Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, kwa kuzingatia matakwa ya Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, anapenda kuwatangazia wananchi wote kuwa zoezi la upokeaji wa maombi ya mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia kumi (10%) ya mapato ya ndani limefunguliwa rasmi. Vikundi vya vijana vilivyosajiliwa, vyenye wanachama wasiopungua watano (5) wenye umri uliotajwa katika Kanuni, vinaelekezwa kuwasilisha maombi vikiambatisha nakala ya cheti cha usajili, katiba ya kikundi, andiko la mradi na taarifa za akaunti ya benki ya kikundi. Aidha, kila mwanachama anapaswa kuwa na Kitambulisho cha Taifa au Namba ya Utambulisho wa Taifa, na asiwe na ajira rasmi. Maombi yawasilishwe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata husika ndani ya siku ishirini na moja (21) kuanzia tarehe ya tangazo hili, siku za kazi, kabla ya saa 9:30 alasiri. Fomu zinapatikana katika ofisi za kata bila malipo. Maombi yatakayowasilishwa nje ya muda hayatapokelewa.
>
> Limetolewa leo tarehe 4 Mei, 2026.

1. Hakikisha tangazo ni la kweli

Mikopo ni chambo kizuri cha matapeli, na posti yako iliyoandikwa vizuri itawarahisishia kazi ikiwa umebeba tangazo bandia. Angalia kama liko kwenye ubao wa kata au kwenye tovuti ya halmashauri. Likiwa na namba ya simu ya mtu binafsi na maneno ya "tuma ada ya fomu", liache hapo hapo na ulipeleke kwa mtendaji. Hatua hii haina maelezo mengi, lakini usiiruke kwa sababu tu lililotuma ni kundi unaloliamini.

2. Toa mifupa

Kabla ya kuandika sentensi hata moja, jibu maswali sita kwenye karatasi: linamhusu nani, anapata nini, afanye nini, abebe nini, apeleke wapi, mwisho lini. Kwa tangazo letu, karatasi inasomeka hivi:

- Nani: kikundi cha vijana kilichosajiliwa, watu 5 au zaidi, kila mmoja ana kitambulisho cha NIDA au namba ya NIDA, hakuna mwenye ajira rasmi. Umri: ?
- Anapata nini: nafasi ya kuomba mkopo usio na riba. Kiasi: ?
- Afanye nini: achukue fomu kata, aipeleke kata. Fomu haiuzwi.
- Abebe nini: vitu vinne.
- Wapi: kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yake.
- Mwisho: siku 21. Tarehe: ?

Alama za kuuliza ndizo faida ya zoezi hili. Tangazo lilionekana limejaa maelezo, kumbe halina umri, halina kiasi, na tarehe ya mwisho haijaandikwa popote. Ndiyo maana maswali yanajaa inboksi hata baada ya kufupisha: ulifupisha kitu chenye matundu, na matundu yakabaki.

3. Ziba matundu kwa kuuliza, usizibe kwa kukumbuka

Umri ndio mtego mkubwa. Tangazo limesema "umri uliotajwa katika Kanuni", na mkono unakuwasha uandike ule unaoukumbuka wa miaka iliyopita. Kanuni za mikopo hii zimefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja, na utoaji wake wenyewe ulisimamishwa 2023 ukarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kumbukumbu yako inaweza kuwa ya utaratibu uliokwisha. Piga simu, uliza, andika jibu pamoja na cheo cha aliyekujibu na siku uliyouliza.

Tarehe ya mwisho nayo fungua kalenda. "Siku 21 kuanzia tarehe ya tangazo hili" ina hesabu mbili. Ukiihesabu 4 Mei kuwa siku ya kwanza, siku ya 21 ni Jumapili, 24 Mei. Ukianza kuhesabu kesho yake, unafika Jumatatu, 25 Mei. Tofauti ni siku moja, lakini siku moja ndiyo inayomfungia mtu mlango, tena hiyo ya kwanza ni Jumapili na tangazo linataka siku za kazi. Uliza ofisi wanahesabu vipi. Usipopata jibu, andika Ijumaa, 22 Mei: ni siku ya kazi iliyo salama kwa hesabu zote mbili. Kumwambia msomaji awahi siku tatu hakumdhuru. Kumchelewesha siku moja kunamnyima mkopo.

Katika mfano wetu tuseme ofisi imejibu kuwa mwisho ni Jumatatu, 25 Mei.

Kiasi cha mkopo kikikosa jibu, usikitaje kabisa. Ukiandika "hadi mamilioni", hiyo namba hewa ndiyo itakayosambaa kuliko kitu kingine chochote ulichoandika.

4. Wekea mstari maneno yasiyoguswa

Kila tangazo lina maneno madogo yaliyobeba uzito wote. Unaweza kuyasema kwa namna nyingine, lakini maana isisogee hata kidogo:

*Wasiopungua watano.* Wapo wanaosoma haraka na kuelewa "wasiozidi watano", kwa sababu sikio linakamata "pungua" na "watano" tu. Andika "watu 5 au zaidi" na usiwaachie kazi ya kukokotoa.

*Na, au.* "Kitambulisho cha Taifa au Namba" ni habari njema kwa vijana wengi wanaosubiri kadi huku namba wanayo. Ukiandika "awe na NIDA" umewafukuza watu wenye haki ya kuomba.

*Anapaswa, anaweza.* La kwanza ni sharti, la pili ni hiari. Katika kulainisha lugha watu huteleza hapa bila kujua: "ni vizuri mkiwa na katiba ya kikundi" si sawa na "katiba ya kikundi ni lazima".

*Kuomba, kupata.* Tangazo linapokea maombi. Halikusema kila atakayeomba atapewa. "Halmashauri inagawa mikopo, njooni mchukue" ni sentensi inayovutia na ni uongo.

Kuhusu vifungu vya sheria: vitoe. Msomaji wako hatafanya chochote tofauti kwa kujua ni Kifungu cha 37A. Anayekihitaji atakiona kwenye picha ya tangazo utakayoambatisha, na kwa kuiambatisha hujamficha mtu kitu.

5. Andika mstari wa kwanza peke yake

WhatsApp hukunja ujumbe mrefu na kuweka "Soma zaidi". Instagramu huonesha mstari mmoja au miwili tu chini ya picha. Kwa hiyo mstari wa kwanza unafanya kazi ya kumjulisha msomaji kama jambo hili ni lake, na ana muda gani. Mambo mawili hayo tu, mengine yasubiri.

Jina la ofisi lisianze. Tangazo limeanza na Mkurugenzi kwa sababu barua ya serikali hueleza kwanza nani anasema. Kijana mwenye simu mkononi anataka kujua kwanza nani anaambiwa.

Linganisha:

"Halmashauri yetu imefungua rasmi dirisha la mikopo kwa vijana!" Hapa hajui kama anahusika wala lini mwisho.

"Fursa!!! Usikose!!!" Hii imeshatumiwa na kila tapeli wa mtandaoni, na jicho limezoea kuiruka.

"Mna kikundi cha vijana, watu 5 au zaidi? Mnaweza kuomba mkopo usio na riba. Mwisho Jumatatu, 25 Mei." Huyu wa tatu anajua. Asiye na kikundi naye anajua anachokosa, na pengine atampelekea mwenye nacho.

6. Rudisha vitenzi mahali pake

Ugumu wa Kiswahili cha ofisini unatokana zaidi na kitenzi kugeuzwa jina, kuliko msamiati. Watu hawaombi, wanafanya "uwasilishaji wa maombi". Ofisi haipokei, kuna "zoezi la upokeaji". Tafuta kila neno linaloanza na *u-* lililotokana na kitenzi, na kila "zoezi la", kisha uliza: nani anafanya nini?

- "zoezi la upokeaji wa maombi limefunguliwa" inakuwa "ofisi inapokea maombi"
- "vinaelekezwa kuwasilisha maombi vikiambatisha" inakuwa "pelekeni maombi pamoja na"
- "maombi yatakayowasilishwa nje ya muda hayatapokelewa" inakuwa "mkichelewa, hawapokei"

Angalia huo wingi. Mwombaji ni kikundi, basi zungumza na *ninyi* mwanzo hadi mwisho: mna, pelekeni, bebeni. Kosa linalojirudia ni kuanza na "je, wewe ni kijana?" halafu katikati kugeukia "pelekeni". Msomaji anabaki akijiuliza kama anaweza kwenda peke yake.

"Aidha" nayo itazame vizuri. Kwenye matangazo hutangulia sharti jipya lililobandikwa baadaye, na mara nyingi ndilo linalowaangusha watu. Hapa limeficha ajira rasmi. Ling'oe hapo na ulipeleke juu, kwenye "nani anaweza kuomba".

7. Lugha ya mtaani: chumvi kidogo

Neno la mtaani lina mipaka miwili, eneo na muda. Linaloeleweka Temeke linaweza kumpita kijana wa Newala, na la mwaka juzi linamfanya mwandishi aonekane mzee anayejipendekeza. Mbaya zaidi ni lenye maana mbili. "Mchongo" ni dili, sawa, lakini "wa mchongo" ni wa kughushi. Andika "mkopo wa mchongo" uone watakavyokuelewa.

Kanuni ya kufanya kazi nayo ni kwamba mambo ya lazima (tarehe, masharti, vitu vya kubeba, mahali) yaandikwe kwa Kiswahili cha kila mtu. Ukitaka neno la kijiweni, liweke kwenye salamu au mstari wa mwisho, mahali ambapo asiyelielewa hapotezi kitu. Na majina ambayo watu watayakuta ofisini yaache kama yalivyo. Ukiliita andiko la mradi "plani ya biashara yenu", kijana atafika dirishani aulizwe andiko la mradi, aseme hana, kumbe analo mkobani. Taja jina lake, kisha lieleze kwa maneno machache.

8. Saa na tarehe kwa macho ya mwenye simu

"Saa 9:30 alasiri" inaeleweka vizuri ikisikika. Ikisomwa haraka kwenye skrini ambayo pale juu imeandika 15:30, wapo watakaoichukua kama saa tisa na nusu ya simu, yaani saa tatu na nusu asubuhi, na wapo watakaoiweka kwenye kikumbusho cha simu hivyo hivyo. Andika zote mbili: "saa 9:30 alasiri (15:30 kwenye simu)". Tarehe iambatane na jina la siku. "25/5" inasahaulika, "Jumatatu, 25 Mei" inakaa.

9. Ipange kwa kidole gumba

Vichwa vifupi, kila kimoja na mistari miwili hadi minne. Kwenye WhatsApp, maandishi mazito hupatikana kwa kuweka nyota pande zote mbili bila nafasi ndani:

```
*Nani anaweza kuomba*
```

Ukiacha nafasi baada ya nyota ya kwanza, nyota zitabaki zinaonekana na maandishi hayatakolea. Koleza vichwa na tarehe ya mwisho, basi. Ukikoleza kila kitu hakuna kilichokolea. Kwenye Instagramu nyota hazifanyi kazi, na kiungo kwenye maelezo ya picha hakibonyezeki, kwa hiyo usimwambie mtu "bonyeza hapa".

Posti yetu sasa ni hii:

> *Mna kikundi cha vijana, watu 5 au zaidi? Mnaweza kuomba mkopo usio na riba. Mwisho Jumatatu, 25 Mei.*
>
> Mkopo ni wa halmashauri yetu. Mkipewa, mnarudisha kile mlichokopa, hakuna riba.
>
> *Nani anaweza kuomba*
> Kikundi kiwe kimesajiliwa. Kila mwanachama awe na kitambulisho cha NIDA au namba ya NIDA. Mwenye ajira rasmi haruhusiwi. Umri: (andika jibu la ofisi).
>
> *Bebeni hivi vinne*
> 1. Nakala ya cheti cha usajili wa kikundi
> 2. Katiba ya kikundi
> 3. Andiko la mradi, yaani maelezo ya kazi mnayotaka kuifanya kwa mkopo huo
> 4. Taarifa za akaunti ya benki ya kikundi, si ya mtu mmoja
>
> *Mnapeleka wapi*
> Kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu, siku za kazi, kabla ya saa 9:30 alasiri (15:30 kwenye simu). Fomu ipo ofisi ya kata na ni bure. Mtu akiwadai hela ya fomu, msitoe.
>
> Mkichelewa, hawapokei. Tangazo lenyewe liko kwenye picha.

Ukiiweka kando ya tangazo utaona haijawa fupi sana. Kilichobadilika ni kwamba asiyehusika anajua ndani ya mstari mmoja na kwenda zake, na anayehusika anaweza kurudi siku ya pili akasoma sehemu ya vitu vya kubeba peke yake.

10. Ijaribu kwa wale wawili

Mpe mmoja mmoja simu, asome mara moja, kisha uichukue. Uliza maswali matatu: Mwisho lini? Mnabeba nini? Dada yako aliyeajiriwa benki anaweza kuwa mwanachama? Usiulize "umeelewa?", maana jibu la hilo ni ndiyo kila siku. Wakikosa jambo moja wote wawili, tatizo liko kwenye posti. Mara nyingi dawa ni kulihamisha jambo hilo juu zaidi, na maneno yake yanaweza kubaki yale yale.

Mwisho kabisa, soma posti ukiwa na tangazo pembeni, sharti kwa sharti. Kila sharti la tangazo lipo? Kila kilichopo kwenye posti kimetoka kwenye tangazo au kwa ofisi? Maelezo ya andiko la mradi hapo juu, kwa mfano, hayakuwamo kwenye tangazo, kwa hiyo msomee afisa sentensi hiyo kabla ya kurusha.

Ikiwa mambo hayaendi

*Watu wanauliza yaliyomo.* Angalia wanauliza nini zaidi. Wakiuliza "mwisho lini" wakati tarehe iko mstari wa kwanza, huenda wanaona picha tu bila maelezo, kwa sababu mtu amesambaza picha peke yake. Andika tarehe na mahali juu ya picha yenyewe.

*Wengi wanajibu "kikundi chetu hakijasajiliwa".* Hili karibu lazima litokee. Mpigie afisa, uliza usajili unafanyikia wapi na unachukua siku ngapi, kisha ongeza mistari miwili. Ikiwa siku zilizobaki hazitoshi, sema hivyo waziwazi, wajipange kwa awamu nyingine.

*Ofisi inasema umepunguza uzito wa tangazo.* Peleka karatasi ya hatua ya pili, onesha kila sharti lilivyobaki. Waombe wakuoneshe sharti lililopotea. Likiwepo, rekebisha. Lisipokuwepo, mara nyingi wanachotaka ni jina la halmashauri lionekane, na hilo linapata nafasi mstari wa pili.

*Tarehe imesogezwa baada ya kurusha.* WhatsApp hukuruhusu kuhariri ujumbe kwa dakika 15 tu, na nakala zilizokwisha kusambazwa hazibadiliki pamoja nao. Tuma posti mpya inayoanza na "TAREHE IMEBADILIKA", taja ya zamani na mpya pamoja, na uweke picha ya tangazo jipya. Kwenye Instagramu unaweza kuhariri maelezo ya posti ile ile, lakini tarehe iliyoandikwa juu ya picha itabaki ya zamani, kwa hiyo ikiwa tarehe iko kwenye picha, futa posti hiyo na uweke nyingine yenye picha mpya.